Waheshimiwa Wateja

Sinyati Koikai aliuza viatu vya mtumba sokoni Tengeru kwa miaka mingi kabla hajaingia chuo cha sheria, na hata sasa, mwaka wa tatu, Jumamosi usimtafute maktaba. Yuko juu ya turubai, anabishana na watu. Ndiyo maana Burhanuddin, mwenzake katika mashindano ya kesi za kuigiza, alimkabidhi majibu ya mwisho. "Wewe mdomo wako umekomaa," alimwambia. "Mimi nitajenga hoja, wewe utafunga."

Nusu fainali ilifanyika Themi, katika ukumbi wa kukodi. Atakayeshinda angekwenda fainali Dar, atakayeshindwa angerudi nyumbani. Wao walisimama upande wa wanakijiji wa nchi ya kubuni waliofukuzwa malishoni, wakashindwa Mahakama Kuu ya kwao, wakaja mahakama ya kikanda ya haki za binadamu. Mwanzoni kabisa Burhanuddin aliomba dakika mbili ziwekwe akiba za kuwajibu wapinzani.

Kisha akasimama Sahil wa upande wa serikali, kijana wa maneno matamu. Alimcheka msemaji wa wanakijiji anayetajwa kwenye kesi kwamba hana hata barua ya uteuzi. Ukumbi ukaangua kicheko. Akataja ramani, akataja fidia, akataja mifugo. Katikati, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba maji, akasema: "Na hawakukata rufaa. Mtu hupanda kwenye mahakama hii baada ya kumaliza ngazi za kwao."

Kichwa cha Sinyati kikawa kama stendi siku ya sikukuu. Ajibu lipi? Lililochekesha lilikuwa bado linamchoma. Burhanuddin akamsukumia karatasi, kisha nyingine: RAMANI! FIDIA! BARUA! Ya tatu ilikuwa na hoja ya mila ambayo yeye mwenyewe aliisahau wakati wa zamu yake.

"Waombaji, dakika mbili," akasema Wakili Evelyn, aliyeongoza meza ya majaji watatu.

Sinyati akainuka. Mdomo ukatoka na ulichokizoea.

"Waheshimiwa wateja..."

Ukumbi ukalipuka. Sahil, aliyeijua biashara yake, akanong'ona kwa nguvu, "Namba arobaini na mbili ipo, dada?"

Akajirekebisha, uso unawaka, akashika karatasi iliyokuwa juu. "Waheshimiwa majaji, kwa mila za wafugaji..."

"Simama hapo," Wakili Evelyn alimkata. "Upande wa pili wamegusa mila?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi unamjibu nani? Huu si muda wa kuleta jipya."

Mtunza saa akainua kadi: dakika moja. Sinyati alitazama karatasi zote, hakuona hata herufi. Alichokumbuka ni kalamu ya Wakili Evelyn. Watu walipocheka habari ya barua, ile kalamu ililala mezani. Sahil alipotaja rufaa, iliandika, ikapiga mstari. Mteja akisifu rangi ya kiatu huku akibonyeza soli, usimjibu habari ya rangi.

Akazisukuma karatasi pembeni.

"Mheshimiwa, mwenzangu amesema hatukukata rufaa. Ni kweli."

Burhanuddin akashika kichwa.

"Lakini rufaa haikatwi bila nakala ya mwenendo wa kesi. Tuliiomba kwa maandishi. Miaka minne imepita, Mahakama Kuu haijatoa. Ni aya ya tisa ya maelezo ambayo pande zote tumeyakubali. Sheria inatudai tumalize ngazi za nyumbani, isipokuwa pale zinaporefushwa kupita kiasi. Ngazi ilikuwepo, ila aliyeishikilia ni huyohuyo anayetulaumu hatukupanda."

"Mliomba mara moja mkakaa?"

"Mara tatu, Mheshimiwa. Aya ya kumi."

Muda ulikuwa bado upo kidogo. Burhanuddin alikuwa akimwonyesha kwa kidole: ramani, ramani!

"Sina zaidi," akasema Sinyati, akaketi.

"Umebakiza muda!" Burhanuddin alimng'ata sikio. "Na umekiri! Nani anakiri?"

"Sijui. Niache."

Kweli hakujua. Majaji walipotoka kushauriana alikuwa ameshajihesabu nyumbani. Waliporudi, waombaji wakatajwa washindi kwa tofauti ndogo mno. Burhanuddin alimkumbatia, kisha akamwuliza tena mbona hakugusa ramani.

Mlangoni Sinyati akamwahi jaji. "Shikamoo, Wakili. Samahani, ni yale ya rufaa yaliyotupitisha?"

"Marahaba. Ni kukaa kwako chini. Ungeendelea ningekuuliza swali la pili, na jibu ulikuwa huna."

"Swali gani?"

Wakili Evelyn akacheka, akafungua mwavuli. "Upande wenu si umepita? Wa Dar watakuuliza."

Sinyati akabaki kwenye ngazi ya ukumbi, akiisoma upya aya ya tisa, halafu ya kumi, halafu ya tisa tena, asione tundu la hoja yake liko wapi.