Blauzi Kwenye Msumari wa Mama Oyat

Katika kituo cha ufundi cha Luzira, kile kilicho nyuma ya nyumba za askari magereza, kulikuwa na msumari kwenye mlango wa darasa la ushonaji. Abalo, ambaye watu wote walimwita Mama Oyat kwa jina la mwanawe, ndiye aliyeupigilia. Mwanafunzi akiharibu nguo, nguo ilitundikwa hapo. Anayeingia anaiona, anayetoka anaiona, hata muuza chapati akija kudai sahani zake anasimama kwanza anaitazama kama anatazama maiti.

Mama Oyat aliujua mtindo huo toka utotoni. Fundi aliyemfundisha yeye Gulu alikuwa akikuvisha nguo uliyoiharibu na kukutuma sokoni nayo. Kwa hiyo yeye, kwa kutundika tu, alijihesabu mpole. Alikuwa mjane wa askari, mnene wa mabega, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile ambacho hata ukiomba chumvi watu husimama wima.

Sasa msumarini ilining'inia blauzi ya satini ya rangi ya zambarau, ya kwaya, yenye mikono miwili ya kushoto. Yote miwili ya kushoto. Ukiivaa, mkono mmoja unakaa vizuri, na mwingine unakuvuta kifuani kama mtoto anayetaka kunyonya. Aliyeishona ni Aluoch, mwenye mkono mwepesi kuliko wote darasani. Mama Oyat alikuwa ameitundika mchana mmoja, mbele ya wote, akasema, "Hii ni ya mama mwenye mikono miwili ya kushoto. Mkimwona mtaani, mwambieni nguo yake iko tayari." Darasa lilicheka sana. Aluoch alicheka pia, kidogo, akakunja tepu yake, na kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata.

Aluoch alikuwa wa tatu kuondoka mwaka huo. Nabalayo, mkuu wa kituo, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti hata akikanyagwa, alimwita Mama Oyat ofisini.

"Mama Oyat, kutakuwa na mafunzo ya walimu hapa, siku mbili. Jinsi ya kumwambia mwanafunzi kuhusu kazi yake ili aweze kuirekebisha. Utahudhuria."

"Mimi nimewaambia wanafunzi kuhusu kazi zao kabla hujaota meno, nyabo."

"Ndiyo. Na wanaondoka. Nikikuona hujabadilika baada ya mafunzo, darasa nitampa mtu mwingine."

Mama Oyat alitoka pale akiwa ameuma midomo. Darasa lile ndilo lililomfanya aamke asubuhi. Bila darasa angebaki na redio na majirani, na majirani wenyewe alikuwa ameshagombana nao.

Mkufunzi aliitwa Wamalwa, Mkenya wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi hata mahali pasipoonekana. Mama Oyat alilikagua shati hilo kabla ya kumkagua yeye. Kola ilikuwa safi. Akaamua kumsikiliza kidogo.

"Leo tunaandika," Wamalwa alisema. "Mchezo mfupi, maneno ya watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu anamrudishia mwanafunzi maoni juu ya kazi aliyoifanya. Mtakwenda wawili wawili, mtaandika, mtasoma mbele yetu. Na mtachukua tukio la kweli, si la kubuni."

"La kweli ninalo," Mama Oyat akasema. "Linaning'inia pale."

Wote wakageuka kuitazama blauzi.

Aliwekwa pamoja na Celestine, mwalimu wa kusuka nywele, mwanamke mcheshi mwenye kucha ndefu za kijani. Celestine alishika kalamu, Mama Oyat akasema maneno. Waliposimama kusoma, Celestine akawa mwanafunzi.

"Mwalimu, hii hapa blauzi yangu," Celestine akasoma.

"Macho yako uliyaacha kwenu?" Mama Oyat akasoma. "Hii ni takataka. Hata mbuzi akitafuna kitambaa anakitoa kikiwa na umbo. Toka."

Watu walicheka hadi mwalimu wa useremala, mzee Erinayo, akalazimika kuvua miwani. Mama Oyat aliinamisha kichwa kidogo kupokea kicheko chake. Wamalwa aliwaacha wakacheka hadi wakaishiwa. Kisha akauliza jambo moja tu, na ndilo alilokuwa akiliuliza kila mchezo uliposomwa:

"Mwanafunzi akitoka hapa sasa hivi, mikono yake itafanya nini?"

Celestine akazitazama kucha zake.

"Itafuta machozi," Erinayo akasema.

"Na blauzi?"

"Blauzi itabaki vile vile."

Mama Oyat alikaa chini. Hakupenda. Celestine alimgusa bega kwa ukucha wa kijani. "Tuandike mwingine, Mama. Mtamu."

Wakaandika mtamu. Baada ya chai wakausoma.

"Aluoch, wewe ni msichana mzuri sana," Mama Oyat akasoma kwa sauti ya mtu anayemeza mwarobaini. "Umejitahidi sana. Kazi nzuri. Ila kidogo tu, mikono haijakaa sawa. Lakini kwa jumla, hongera, endelea hivyo hivyo."

"Asante, mwalimu," Celestine akasoma, akipiga goti mpaka chini.

"Mikono yake itafanya nini?" Wamalwa akauliza.

"Itakwenda kununua soda," Erinayo akajibu. "Na kesho ataleta blauzi nyingine yenye mikono miwili ya kushoto, kwa sababu ameambiwa aendelee hivyo hivyo."

"Kumbe," Mama Oyat akasema, "nikitukana nimekosea, nikisifu nimekosea. Basi nifanye nini, nimwimbie?"

"Mwambie unachokiona kwenye nguo," Wamalwa akasema. "Siyo kwenye mtu. Kilicho kizuri, kitaje kilivyo, ajue akirudie. Kisha muulize alifanyaje, kabla hujamwambia ubovu umetoka wapi. Chagua jambo moja la kubadilisha, siyo kumi. Na asiondoke kabla hajakuambia yeye mwenyewe atakachofanya. Mama, je, unajua ni kwa nini alikata mikono miwili ya kushoto?"

"Uvivu."

"Alikuambia?"

"Hapana," Mama Oyat akasema kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza Celestine kuisikia sauti hiyo, na baadaye aliisimulia mtaa mzima wa Bukoto anakoishi.

"Basi mchezo huu hauandikiki," Wamalwa akasema, "mpaka mtu amuulize."

Jioni hiyo Celestine, bila kumwomba mtu ruhusa, alimpigia Aluoch simu. Asubuhi ya siku ya pili Aluoch akaingia mlangoni, akiwa amevaa gauni alilojishonea, na uso wa mtu aliyekuja kuchukua vitu vyake. Alipita chini ya blauzi bila kuinua macho.

"Nimekuja kuchukua mkasi wangu," akasema.

"Mkasi wako upo," Mama Oyat akasema. "Nimeuweka mahali salama." Alikuwa amekaa juu yake.

Nabalayo alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, akiangalia. Wamalwa akamwomba Aluoch asome sehemu ya mwanafunzi, mara moja tu, halafu aende zake. Karatasi ya safari hii ilikuwa na maneno ya mwalimu peke yake. Upande wa mwanafunzi ulikuwa mtupu.

"Hapa sijaandikiwa kitu," Aluoch akasema.

"Ndiyo. Jibu unavyojibu."

Mama Oyat alivaa miwani. Aliisogeza karatasi mbali, akairudisha karibu. Ilibidi aende kuitoa blauzi msumarini ili waitazame wote wawili, na kuvuka chumba kile mbele ya watu kulimchukua pumzi nyingi kuliko kupanda kilima cha Muyenga. Akaitandaza mezani.

"Naona mshono wa bega umekaa sawa pande zote mbili," akasoma. Kisha akaacha karatasi, akagusa. "Na hii kola. Haijakunjamana hata mahali pamoja, na satini hukunjamana ukiitazama vibaya. Uliibanaje?"

"Niliishikiza kwa mkono kwanza, kwa uzi. Halafu ndiyo nikapitisha cherehani."

"Endelea hivyo." Mama Oyat akairekebisha miwani yake. Akarudi kwenye karatasi. "Naona mikono yote miwili, mkato wa kwapa uliochimbika zaidi, ule wa mbele, uko upande uleule. Kwa hiyo mkono wa kulia unavuta mbele. Niambie ulivyokata."

"Nilikata mmoja mmoja."

"Kwa nini mmoja mmoja? Mimi nawafundisha kukunja kitambaa mara mbili, mnakata mara moja."

"Kitambaa kilichobaki kilikuwa na upana mdogo, Mama. Hakikutosha kukunjwa. Nikaweka karatasi ya kielelezo cha mkono, nikakata mkono mmoja. Nikaisogeza mbele, nikakata wa pili."

"Uliigeuza?"

"Nini?"

"Karatasi. Uliipindua, ya juu ikawa chini?"

"Hapana." Aluoch akaitazama blauzi kwa mara ya kwanza. "Hukutuambia kuigeuza."

Erinayo alijifanya anafuta miwani.

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo Mama Oyat alikuwa amewafundisha kukunja kitambaa, na kitambaa kilichokunjwa chenyewe hutoa mkono wa kulia na wa kushoto, bila mtu kufikiri. Hakuwahi kumwambia yeyote sababu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Alipelekwa sokoni tu, amevaa nguo aliyoiharibu.

"Sikuwaambia," akasema. Hiyo haikuwa kwenye karatasi. "Basi jambo la kubadilisha ni moja. Ukikata mmoja mmoja kwenye kitambaa chenye uso na mgongo, kama satini, mkono wa pili unageuza kielelezo. Sasa niambie wewe utafanya nini."

"Nitafumua mkono wa kulia. Kuna kipande kimebaki nyumbani. Nitageuza karatasi, nikate mwingine."

"Kabla ya kushona?"

"Nitaiweka mikono yote miwili mezani, nione kama inatazamana."

"Kale, sawa," Mama Oyat akasema, na akanyanyuka kidogo kwenye kiti, akatoa mkasi. Ulikuwa na joto.

Wamalwa hakuuliza swali lake. Mikono ya Aluoch ilikuwa tayari inafumua uzi wa bega la kulia, taratibu, ncha ya mkasi ikinyanyua mshono mmoja baada ya mwingine. Nabalayo aliishusha mikono yake kutoka kifuani, akaenda kumwaga chai iliyopoa.

"Mama Oyat," Aluoch akasema bila kuinua kichwa, "nami naweza kukurudishia moja?"

"Sema."

"Naona unavyofundisha kukunja kitambaa, hakuna anayesahau. Hilo endelea nalo."

"Lakini?"

"Hakuna lakini. Naona msumari. Mtu akitundikwa pale, hakuna anayeuliza tena kitu, sote tunaogopa. Mimi niliona kitambaa hakitoshi kukunjwa, nikataka kukuuliza. Sikuuliza."

Mama Oyat alimtazama. Maneno yalimjaa kinywani, ya kambini yale, mazuri sana. Akayameza.

"Sasa unataka mikono yangu ifanye nini?"

"Itafute koleo."

Erinayo alilitoa koleo mfukoni kama aliyekuwa akiingoja siku hiyo mwaka mzima. Mama Oyat alienda mlangoni akavuta. Akavuta tena. Msumari alikuwa ameupigilia yeye mwenyewe, enzi za nguvu zake, na ulipinda tu, ukakataa kutoka.

"Ndiyo kazi yangu hiyo," akawaambia, akihema. "Muione ilivyo nzuri."

Akatundika hapo mkoba wake, akarudi kuketi karibu na Aluoch, aone mkono wa kulia unavyofumuliwa.