Mteja Hakuwepo Nyumbani

Rusalina Tsankova alikuwa ameuza miche ya pilipili sokoni miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumpunja. Ila kampuni ya maji ilimzungusha miezi mitatu, na sababu ilikuwa baba mkwe wake, mzee Penko Tsankov, ambaye yuko kaburini mwaka wa ishirini na sita sasa.

Bomba linalotoka njia kuu hadi kwenye mita lilipasuka chini ya ua wake. Kipande hicho ni cha kampuni. Mzigo wako unaanzia baada ya mita. Maji yalikuwa yanakula udongo chini ya ukuta wa nyuma, na ukuta ule ukilala, Rusalina hakuwa na nyumba nyingine ya kuhamia. Ila akaunti ilikuwa bado kwa jina la Penko, kama ilivyo kwa nusu ya mtaa. Kuibadilisha kunataka saini za warithi wote, na watatu wako Hispania, nao hawapokei simu.

Kila alipotoa taarifa, mafundi walikuja. Ili kuingia uani na kuchimba, walitakiwa wawe na mteja mwenyewe, atie saini fomu. Walimwuliza Rusalina kama Penko yupo. Akawaonyesha tangazo la kifo lililobandikwa getini, lenye picha yake akiwa amevaa tai, kama watu wa huko wanavyobandika kila mwaka kumkumbuka marehemu. Wakalisoma kwa heshima, wakavua kofia, wakaandika "mteja hakuwepo nyumbani", wakaondoka. Taarifa ikafungwa.

Baada ya mara ya tatu Rusalina aliacha kugombana na simu. Alikaa mezani akaandika barua rasmi, nakala tatu:

"Yah: Malalamiko kuhusu bomba lililopasuka, akaunti ya P. Tsankov.
11 Machi: nilitoa taarifa kwa simu, namba 417.
19 Machi: mafundi walifika. Ilifungwa, mteja hakuwepo.
2 Aprili: nilitoa taarifa tena, namba 560.
9 Aprili: mafundi walifika. Ilifungwa, mteja hakuwepo.
14 Mei: ufa ukutani, kidole kinaingia. Namba 731.
20 Mei: mafundi walifika. Ilifungwa, mteja hakuwepo.
Naomba matengenezo ndani ya siku saba, na maelezo ya maandishi kwa nini taarifa hizi zilifungwa bila kazi kufanyika. Nakala kwa msimamizi wa huduma za maji serikalini. Viambatisho: picha sita zenye tarehe, cheti cha kifo."

Kwenye masijala ya kampuni, karani Svilena aliisoma mara mbili. Akasema hawezi kuipokea, kwa kuwa anayelalamika si mwenye akaunti.

"Basi niandikie kwamba umekataa," Rusalina akasema, "na leo ni tarehe ngapi, na jina lako. Kwenye orodha yangu ya tarehe bado kuna nafasi."

Svilena akaitazama orodha. Akachukua muhuri, akagonga nakala zote, akaandika namba ya kupokelewa na tarehe. Rusalina akarudi na nakala yake, na nyingine akaipeleka kwa msimamizi wa huduma za maji.

Jibu lilifika siku ya tano, limeelekezwa kwa Penko mwenyewe. Walimshukuru kwa subira yake, wakamwomba awepo nyumbani tarehe 12 Juni saa tatu asubuhi.

Siku hiyo alikuja kiongozi wa mafundi, Dobri, na watu wawili na mashine ndogo ya kuchimba. Alikuwa na nakala ya barua, na jasho. Alieleza kwamba mkubwa wake ameonywa na yule msimamizi wa serikalini: tarehe nyingine ikiongezwa kwenye orodha ile, kuna mtu atatolewa kazini. Lakini fomu inamtaka mteja, na kanuni hazijabadilika.

"Mama, nisaidie," akasema. "Hivi hakuna namna ya huyu mzee kuonekana?"

"Kaburi lipo hapo juu, mstari wa saba. Mpelekee fomu."

Dobri alionekana kulifikiria jambo hilo kwa dhati. Rusalina akaona, kama anavyomwona sokoni mnunuzi aliyekwisha kushika fungu la miche.

"Sikiliza, kijana. Hapo palipoandikwa kama mteja alikuwepo, andika ndiyo. Mzee huyu alizaliwa humu, akafia humu, na kila mwaka tunamwekea mkate wa kumbukumbu. Yupo kuliko mafundi wako. Chini, penye pingamizi la mteja, andika hakuna. Ukipata neno la uongo hapo, nipigie."

"Na saini?"

"Penye sababu ya kutosaini, andika alinyamaza. Kisha shuhudia wewe mwenyewe na hawa wawili."

Dobri akaandika, pole pole, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida. Kufikia saa sita shimo lilikuwa wazi, valvu imefungwa, kipande kipya kimewekwa. Ukuta ulibaki na ufa, ila haukuendelea kushuka.

Rusalina alidai nakala ya fomu, akaisoma mpaka mwisho kabla hajawafungulia geti watoke.