Juma la Tatu la Mwaka wa Kampuni

Nilikuwa karani wa kampuni ya mpira wa kugema hapa Kindu, zamani za wazungu wa kwanza. Kila Jumamosi niliandika ripoti ya kupelekwa kwa wakubwa kwa mtumbwi: juu mwaka na namba ya juma, chini mizigo ya mpira. Mwaka wa kampuni ulianza Julai, si Januari, kwa hiyo juma la kwanza la Julai ndilo lilikuwa namba moja. Sisi Waislamu tuna Muharamu yetu ya kufungua mwaka. Mwaka kuanza mwezi wowote hakukunishangaza.

Mwezi wa Juni mpira ulipungua vijijini. Askari wakawakamata wanawake tisa, wakawafungia ghalani mpaka waume zao walete. Mmoja wao alikuwa yaya, dada yangu mkubwa aliyenilea. Waume walileta. Hata hivyo wakubwa wakaandika kwamba wanawake wafunguliwe juma la tatu la mwaka mpya, iwe funzo. Nilimnong'oneza yaya ukutani kwamba hiyo ni katikati ya Julai, avumilie. Akacheka, akasema tangu utoto mimi ni mtu wa ahadi.

Basi mzungu wetu, mkuu wa kituo, akashikwa na homa, akaondoka, akaja mwingine. Huyo alihesabu majuma tangu Januari. Ripoti ya kwanza ya Julai akaniamuru niandike ishirini na saba. Nilipomweleza, akanipiga kofi. Lilipofika juma la tatu la kampuni, yeye akaliita la ishirini na tisa; la tatu, akasema, litakuja Januari. Nikajaribu tena. Akakigusa kiboko mezani, nami nikarudia kalamu yangu. Sifichi: niliogopa, nikaendelea kuandika namba zake.

Yaya alikufa kwa kuhara humo ghalani, juma ambalo mzungu aliliita la thelathini na sita. Mlinzi akaniletea kanga yake.

Mwisho wa Septemba ripoti zikarudishwa zote. Wakubwa waliandika kwa hasira kwamba juma la ishirini na saba la mwaka wao halijafika, litakuja Desemba ikiisha. Kila namba itolewe ishirini na sita, ripoti ziandikwe upya. Ishirini na tisa ikawa tatu. Tena wakauliza: mbona ripoti ya juma hilo haitaji kufunguliwa kwa wanawake?

Mzungu akaamuru ghala lifunguliwe. Wakatoka wanane, wakishikana. Akanisogezea karatasi ya juma la tatu.

“Andika: wanawake tisa wamefunguliwa.”

“Bwana, iko wanane.”

“Juma la tatu walikuwa tisa.”

Safari hii hakukosea hesabu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kofi lake. Juma la tatu yaya alikuwa hai, ananisubiri nyuma ya ukuta. Nikaandika tisa, kwa mwandiko wangu mzuri ambao yaya alikuwa akiusifu.