Nusu ya Chini ya Chati

Chuo cha afya hapa Tarime kilitupa sapu, yaani mtihani wa marudio, ya baiokemia sisi wawili: mimi, niliyeanza kama mhudumu wa zahanati kule Robanda, na binti mmoja Mkurya tuliyekaa naye chumba kimoja. Ukifeli sapu, unarudi nyumbani.

Tuligeuza kalenda ya zamani, tukachora hatua kumi za kuvunja glukosi. Kila hatua ilikuwa na kimeng'enya chake, kinachokizuia au kukisukuma, na ugonjwa ukiwepo. Tukagawana. Tano za juu zikawa zangu, za chini zake, halafu kila mmoja amfundishe mwenzake. Wazo lilikuwa langu, ila alikubali bila kulazimishwa.

Nusu yangu niliisumbukia. Hatua ya tatu inatumia ATP, ile nishati ya seli, lakini ATP ikizidi inakifunga kimeng'enya kilekile. Nilifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikachakaa. Yeye alimaliza yake upesi, kwa vifupisho.

Kabla hajanifundisha, baba yake mdogo alifariki ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Alinipigia, mtandao ukikatika.

"Dada, mazishi yamesogezwa. Siwahi mtihani."

Nikamwambia nitamwombea kwa mwalimu.

"Wewe soma. Usinisubiri mimi."

Nilimwomba mwalimu. Kwa haki, alinisikiliza vizuri, ila alisema baba mdogo hayumo kwenye orodha ya ruhusa. Asiyefika amefeli, akate rufaa. Kwetu baba mdogo ni baba. Nilisema hivyo mara moja tu. Labda ningesema zaidi.

Nikabaki na nusu yake ukutani. Nilihesabu: ATP mbili zinatumika juu, moja inapatikana hatua ya saba, moja ya kumi. Faida sifuri. Nikajiona mjinga. Lakini pembeni mwa hatua ya kumi alikuwa ameandika kwamba kimeng'enya hicho kikipungua, chembe nyekundu za damu zinakosa nguvu na kupasuka, mgonjwa anaishiwa damu. Chembe hizo hazina njia nyingine ya kupata ATP. Basi faida lazima iwepo. Nikarudi hatua ya nne: pale glukosi inakatwa vipande viwili. Kuanzia hatua ya sita kila kitu kinatokea mara mbili. Zinapatikana nne, ukitoa mbili zinabaki mbili. Nikaongeza kwa penseli.

Swali lilitoka hukohuko, kwenye nusu yake. Nikafaulu.

Alirudi amenyoa kichwa. Nilimpa pole. Sikujua namna ya kumwambia matokeo, kumbe ameshayaona kwenye ubao wa matangazo. Nilitamani anilaumu kidogo.

"Rufaa wataijibu lini?" nikamuuliza.

"Hawajasema." Akaisogelea chati, akaisoma penseli yangu, akatikisa kichwa kukubali. "Mimi nasoma hivyohivyo. Haya, nusu ya juu. Ulikuwa na deni la kunifundisha."

Nikaanza na hatua ya kwanza. Heksokinesi, kimeng'enya cha hatua hiyo, inaibandika glukosi fosfeti, nikamwambia, isitoke tena kwenye seli. Na zao lake likijaa, linaizuia. Alikuwa anaandika. Nilijisikia naongea polepole mno, kama mwalimu, nikashindwa kuacha.