Uji wa Bibi

Maumivu yalimwanzia binti yangu kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, akatapika, homa ikapanda. Katika hospitali moja mjini Machakos, daktari alisema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe.

"Asile wala asinywe," nesi alituambia. "Akitapika akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, matapishi yataingia mapafuni."

Nilipeleka damu yake maabara, nikamwacha na mama yangu, aliyekuwa amefika kutoka Ndithini na thermos ya uji. Niliporudi, nesi aliuliza kama mtoto amekula. Mama aliyenichapa utotoni kila nilipodanganya alinitazama machoni, akasema, "Hajaonja hata maji."

Binti yangu alitapika kwenye meza ya upasuaji, na uji ukaingia mapafuni.

Alipona polepole. Tulimkalisha, tukamshikia mto kwenye kidonda akikohoa, tukamtembeza wodini, tukangoja ajambe, dalili kwamba matumbo yameanza kufanya kazi.

"Ningemwacha mjukuu wangu na njaa?" ndilo tu mama alilosema.

Siku nesi aliporuhusu uji, mama alifungua thermos ile ile, akapeleka kijiko. Binti yangu alinitazama mimi kwanza, kisha akafunga mdomo.