Viboksi Sita Kutoka Mbinga

Kikombe cha bati kililia kwanza. Nilikuwa bado nimefumba macho, nikasikia kitu kikitetema ndani yake, nikajua ujumbe umeingia. Simu ya mama, kitochi cha vitufe vilivyofutika namba, ilikaa kwenye kikombe hicho dirishani, maana hapo tu nyumbani kwetu Mbaha ndipo mtandao uliposhika.

Mama alifika kabla yangu. Siku iliyopita dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa amepasuliwa hospitalini Mbinga, na mama alikuwa amemuuliza binti wa dada huyo kwa ujumbe: mama yako ameamkaje? Jibu lilikuwa viboksi sita vitupu, vimejipanga. Hakuna herufi hata moja.

Mama akaketi. Kwetu habari ya kifo haiandikwi. Unaambiwa tu njoo nyumbani, ukifika ndipo unalia.

"Ameshindwa kuandika," alisema polepole, akavuta khanga nyeusi kutoka kwenye begi.

Nilipiga mara tatu. Simu ilikatika kabla haijaita. Tukaenda kwa fundi simu, jirani na chanja za kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nisomee."

Fundi akatazama. "Hizi ni emoji, mama. Vile vipicha vya nyuso na mikono. Kitochi hakivijui, kwa hiyo kinachora boksi badala yake." Akachukua simu yake kubwa, akatuma uso mmoja unaotabasamu kwenye simu ya mama. Ukaingia: viboksi viwili. "Umeona? Kwenye simu hii kipicha kimoja kinatoka boksi mbili. Sita ni vipicha vitatu."

"Vya nini?"

"Hapo sasa. Anayecheka na anayelia, humu wote boksi."

"Sasa umenisaidia nini, baba?"

Fundi akanirudishia simu ya mama. Mimi nikaandika: "Utujibu kwa maneno. Simu ya mama haioni picha."

Tukangoja. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ndani ya beseni, na harufu ya usipa ilipanda na jua. Mama alishika simu kwa mikono miwili, kama anayepokea kitu kanisani.

Ikalia.

"Samahani mama mdogo. Ameamka, amekunywa uji. Nilituma mikono ya kushukuru :)"

Nilimsomea mara mbili. Akaniomba ya tatu. Kisha akaweka kidole mwishoni. "Na hizi nukta na mabano? Amekosea?"

"Inamisha kichwa hivi, mama," fundi alisema, akilaza shingo begani. "Ni uso unacheka. Huu wa herufi hata kitochi kinauonyesha."

Mama akalaza shingo. Akacheka hadi akashika meza.

Nyumbani alirudisha khanga nyeusi begini, akatoa ya njano. Akafunga usipa kwenye gazeti.

"Lakini si amepona?" niliuliza.

"Huo uji bado ni maneno tu. Nataka nimwone akinywa."

Akaniachia simu ndani ya kikombe chake, akajitwisha kifurushi, akatoka kwenda Mbinga. Mlango ukajifunga nyuma yake.