Kadi Thelathini na Nane za Bi Kadi

Kuna watu hawakai. Ukimwona Bi Kadi ofisini utadhani kiti chake kina misumari. Anaketi, anainuka, anajaza bilauri maji ambayo hatayanywa, anarudi, anaangalia ubao. Dada yake mkubwa, anayeishi naye, huwa anamwambia, "Mdogo wangu, hata maiti yako itawasumbua watu kuilaza." Naye hucheka, halafu anainuka kwenda kuona kama jiko limezimwa.

Jina hilo alilipata kazini. Zamani alikuwa karani wa maktaba, mtu wa droo na kadi za vitabu. Siku hizi ni mratibu wa timu ya watengeneza programu, na kila kazi ya timu ina kadi yake kwenye mfumo wa kompyuta. Kadi inapita hali nne: haijaanza, inaendelea, inakaguliwa, imekamilika. Ukiihamisha, mfumo unaandika nani kahamisha na saa ngapi. Kutokana na maandishi hayo hutoka namba mbili ambazo wakubwa wanazipenda kupita kiasi. Ya kwanza ni siku ambazo kadi imechukua tangu kuanza hadi kukamilika. Ya pili ni kasi, yaani pointi, kipimo cha ukubwa wa kila kazi, ambazo timu imekamilisha katika kila duru ya wiki mbili. Namba zote mbili, za timu na za kila mtu, hubandikwa kwa grafu ukutani, mlangoni pa kuingilia, kila mtu asome.

Sasa Jumanne moja asubuhi meneja alimwita, mlango ukafungwa.

"Mkataba wa Mpole unaisha mwisho wa mwezi," akasema. "Alhamisi naamua. Kusema kweli sitaendelea naye. Kadi zake zinachukua siku thelathini na tisa, wenzake siku tano. Mtu gani huyo?"

Mpole ni mwandishi wa programu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, sauti yake utaisikia mara mbili kwa wiki ukiwa na bahati. Bi Kadi aliaga, akatoka. Alirudi mezani roho juu. Thelathini na tisa? Mpole huyu anayewasahihishia wenzake kabla ya chai?

Akafungua kadi tisa za Mpole, moja baada ya nyingine. Zote zilikamilika siku moja, Jumatatu ya wiki mbili nyuma, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mtu hamalizi kazi tisa dakika moja, hata awe na mikono kumi. Akatazama jina la aliyezihamisha. Lilikuwa lake.

Jamani. 

Kisa chenyewe hiki hapa. Miezi miwili nyuma mama yake alivunjika nyonga, na Bi Kadi akachukua likizo ya wiki saba kumuuguza. Hakuna aliyeushika ubao. Watu walifanya kazi, wakamaliza, kazi zikaenda kwa mteja, kadi zikabaki palepale zilipokuwa. Aliporudi na kukuta fujo ile alichagua kadi thelathini na nane, akauliza kila mtu, "Hizi zimeisha kweli?" Wakasema zimeisha. Akazifunga zote kwa mkupuo mmoja, akajisifu. Ubao ukang'aa. Hakufikiri kwamba mfumo haujui kazi iliisha lini. Unajua tu kadi ilihamishwa lini.

Na Mpole naye alikuwa na lake. Siku ya kwanza ya duru anazipeleka kadi zake zote "inaendelea" ili asinyang'anywe, hata zile atakazozigusa wiki ijayo; za wenzake nyingi zilibaki "haijaanza" hadi siku ya mkupuo, ndiyo maana zilisoma siku chache. Kwa hiyo mwanzo wa uongo, mwisho wa uongo, na katikati mtu anafukuzwa kazi.

Bi Kadi hakungoja. Kungoja si kazi yake. Akachukua kadi moja ya Mpole, iliyosomeka siku arobaini na sita, akaifungua upya na kuifunga tena, akitumaini mfumo utamwuliza tarehe. Haukumwuliza. Uliandika leo. Kadi ikaruka kutoka siku arobaini na sita hadi sitini na moja, na kwa kuwa ripoti yao huhesabu pointi kwa tarehe ya mwisho ya kufungwa, pointi zake tano zikahama kutoka duru ya zamani zikaingia kwenye duru inayoendelea, ambayo hakuna aliyezifanyia kazi humo. Akavuta mkono kwenye kipanya kama kimemuunguza. Kama angefanya hivyo kwa zote, Mpole angekuwa kobe wa kutisha, na timu nzima ingeonekana imefanya miujiza wiki hii.

Jumatano asubuhi akaenda kwa fundi wa mfumo, kijana wa kaunda suti na soksi za rangi rangi, anayejua kila kitu na hakufichi kwamba anajua.

"Bi Kadi, rahisi," akasema fundi. "Naingia kwenye hifadhidata yenyewe, nabadilisha tarehe za kumbukumbu. Dakika kumi. Hata ile Jumatatu yako haitaonekana tena."

Niseme ukweli, nisimtakase mama wa watu: alitamani. Jina lake lilikuwa mle mara thelathini na nane, na la jana likawa la thelathini na tisa. Nani hapendi kufutiwa aibu kwa dakika kumi? Akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Halafu meneja akiniuliza nimejuaje Mpole alimaliza lini, nitamwonyesha nini?" akauliza. "Kumbukumbu niliyoibadilisha mwenyewe?"

"Utamwonyesha ripoti."

"Kama leo tunaweza kubadilisha ya Mpole, basi yoyote inaweza kuwa imebadilishwa. Hapana, baba. Kumbukumbu iache, hata ikinisema vibaya. Niongezee sehemu mbili tu kwenye kadi: tarehe halisi ya kuanza, na tarehe halisi ya kukamilika. Ripoti ikikuta zimejazwa, itumie hizo. Ikikuta tupu, itumie kumbukumbu kama kawaida. Hali ya kadi mtu asiiguse tena."

Fundi akajikuna kidevu. "Na wewe utaaminiwaje? Si utajaza unachotaka?"

Swali la adabu chache, lakini la haki. Likamkaa kichwani. Alikuja kumwokoa Mpole. Akimsahihisha Mpole peke yake, huo ni upendeleo, na namba za upendeleo hazina tofauti na namba za uongo. Akaweka kanuni moja kwa kadi zote thelathini na nane, za wote. Kuanza ni siku mwandishi alipoweka kipande cha kwanza cha programu kwenye ghala la pamoja la kompyuta, linalojiandikia tarehe. Kukamilika ni siku kazi ilipokwenda kwa mteja. Kila tarehe na ushahidi wake pembeni. Kila kadi na alama ya "imesahihishwa", ili anayetaka kuzitenga azitenge.

Akashinda kutwa kwenye kazi hiyo, chai ikipoa kando, akiinuka kila baada ya kadi tatu. Dada akapiga simu mchana: mama anauliza kama amekula. "Mwambie nimekula," akasema, na hakuwa amekula. Kadi mbili zilimshinda. Zilikuwa za maelezo ya watumiaji, hazina programu ndani, na aliyeziandika hakumbuki lini. Vidole vilimwasha kukisia. Akaziacha tarehe tupu, akazitoa kwenye hesabu ya siku, akaandika wazi kwamba zimetolewa na kwa nini. Pointi zake zikabaki palepale kumbukumbu ilipoziweka.

Jioni akajumlisha. Kabla hajagusa lolote Jumanne, duru nne zilisoma kumi na mbili, tisa, kumi na moja, kisha mia moja thelathini na moja. Baada ya kusahihisha: arobaini na moja, thelathini na nane, arobaini na tatu, arobaini na moja. Akajumlisha safu zote mbili mara tatu. Zote mia moja sitini na tatu. Hakuna pointi iliyozaliwa wala iliyokufa, kila moja yenye ushahidi imerudi kwenye duru yake, na duru ya sasa haikupata hata moja ya bure. Kadi za Mpole zikasoma siku sita.

Usingizi wa usiku huo tusiuongelee.

Alhamisi akaweka karatasi mbili mbele ya meneja, kabla na baada, na ya tatu yenye orodha ya ushahidi. Meneja alisoma sana. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile mia moja thelathini na moja.

"Hii namba nilimwambia mteja," akasema. "Nimemwambia kasi yetu imepanda mara tatu ya ile ya kabla ya likizo yako."

"Haijapanda. Ni arobaini, na ilikuwa arobaini siku zote."

"Nani alifunga kadi zote hizi Jumatatu moja?"

"Mimi."

Meneja akairudia karatasi ya ushahidi. Bi Kadi alikuwa amesimama, mikono ikihangaika na pindo la khanga begani.

"Ungeweza kuniletea ya Mpole tu," meneja akasema hatimaye.

"Ya Mpole peke yake isingekuwa kweli. Na ripoti za zamani sijazitoa, nimezibandikia maelezo."

Meneja akamkemea, naye alistahili. Kwamba kuanzia leo hakuna kufunga kadi kwa mkupuo bila kuandika tarehe halisi. Kwamba yeye mwenyewe atakuwepo meneja akimpigia mteja simu ya kuyafuta maneno yake. Bi Kadi akaitikia yote. Kisha meneja akavuta faili la mikataba, akasaini ule wa Mpole mwaka mmoja zaidi, akausukuma mezani bila kumtazama.

Bi Kadi akatoka mbio. Mpole alikuwa mezani kwake, miwani puani, anakagua kazi ya mtu mwingine. Bi Kadi akamweleza yote papo hapo, akiwa amesimama: wiki saba, Jumatatu, mkupuo, siku sita. Akamwekea karatasi mbele. Alitegemea furaha, au hasira. Angelipokea lolote.

Mpole alizipitia kadi zake tisa kwa ncha ya kalamu. Kwenye ile ya siku arobaini na sita akasimama.

"Hii ilikuwa siku nne?"

"Nne. Ulianza Jumatatu, ikaenda kwa mteja Ijumaa."

"Ndivyo nilivyokumbuka," akasema polepole. "Lakini grafu ilikuwa pale mlangoni kila asubuhi. Nikaona, kompyuta haina sababu ya kunionea. Nikamwambia mke wangu kichwa changu kinaanza kuondoka, kama cha marehemu baba. Namaliza kazi, kumbe sijamaliza."

"Kaka, ungeniuliza."

"Ungeniambia nini? Mimi niliamini." Akavua miwani. "Tumekwenda hospitali mara mbili. Nimepimwa ubongo. Daktari akasema hana anachokiona, turudi baada ya miezi sita. Mke wangu tangu siku hiyo halali, ananisikiliza nikiongea na watoto, anahesabu nikisahau jina."

Bi Kadi akavuta kiti cha jirani, akakaa. Alisema samahani, ikatoka ndogo, akairudia. Mpole akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akakunja karatasi mara mbili.

"Hii naweza kwenda nayo nyumbani?" akauliza. "Nataka aione mwenyewe."